Chembe Inayochelewa: Hotuba Kuhusu Saa ya Saiklotroni na Mpaka Wake

Mwenyekiti, walimu wa fizikia, wahandisi wa hospitali, na ninyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie saiklotroni, mashine ya kuongezea kasi chembe zenye chaji kwa kuzizungusha ndani ya sumaku, nami nimechagua jambo moja tu ndani yake, nalo ni saa. Mashine hii inafanya kazi kwa sababu chembe iliyomo hutumia muda uleule kumaliza kila mzunguko, uwe mdogo uwe mkubwa. Na inakwama kwa sababu muda huo, ukiupima kwa makini, hauko sawa kabisa. Katika nafasi hiyo ndogo kati ya "sawa" na "karibu sawa" ndimo ulimo mjadala wote wa leo.

Kwanza tuikumbuke mashine yenyewe. Kuna sumaku kubwa ya umeme yenye nyuso mbili bapa zinazotazamana, moja juu na moja chini. Kati yake kuna chumba kilichonyonywa hewa, na ndani ya chumba kuna masanduku mawili bapa ya shaba, matupu ndani, kila moja lina umbo la herufi D. Mafundi huyaita dii. Baina ya dii hizo mbili kuna mwanya mwembamba, na kwenye mwanya huo tunaweka volteji inayogeuka upande mamilioni ya mara kwa sekunde. Chembe huzaliwa katikati. Ikiwa ndani ya dii haioni umeme wowote, kwa kuwa shaba inaikinga. Inaona sumaku tu, na sumaku huipinda bila kuiongezea nishati hata kidogo. Nishati hupatikana mwanyani peke yake. Kwa hiyo swali zima ni hili: kila chembe inapofika mwanyani, je, volteji itakuwa inasukuma upande unaotakiwa?

Wanafunzi wengi hueleza jibu kwa kusema kwamba chembe yenye kasi kubwa huzunguka duara kubwa, basi kasi na urefu wa njia hufidiana. Ni kweli, lakini hapo tumetaja matokeo, hatujagusa chanzo. Sayari iliyo mbali na jua nayo ina njia ndefu, na mwaka wake hauwi sawa na wetu. Kuna kitu cha pekee katika sumaku, nacho ni kwamba kani yake huongezeka kwa uwiano na kasi ya chembe. Ukiongeza kasi maradufu, kani inayoipinda nayo inakuwa maradufu. Lakini kitu chenye kasi maradufu pia ni kigumu kupinda maradufu. Kasi inaonekana juu na chini ya hesabu, inakatwa, na kinachobaki ni kwamba kila chembe ya aina moja hugeuza uelekeo wake kwa idadi ileile ya nyuzi kila sekunde. Iliyo karibu na katikati na iliyo ukingoni zinageuka pamoja. Kwa maandishi ya hesabu:

T = 2πm / (qB)

T ni muda wa mzunguko mmoja, m ni tungamo la chembe, q ni chaji yake, na B ni nguvu ya uga wa sumaku. Tazameni kisichokuwepo: hakuna kasi, hakuna nusu kipenyo, hakuna nishati. Ernest Lawrence, mvumbuzi wa saiklotroni, aliona kwamba hesabu hii inamruhusu kutumia oskileta moja, yaani kifaa kinachogeuzageuza volteji ya mwanyani, yenye frikwensi moja isiyobadilika, na chembe zikajipanga zenyewe. Mnamo Januari 1931, huko Berkeley, mwanafunzi wake Stanley Livingston alitumia kifaa chenye upana wa takribani sentimita 11 akapata ioni za molekuli ya haidrojeni zenye nishati ya elektronivolti 80,000, ilhali volteji aliyoiweka haikufika 2,000. Ni msukumo mdogo uliorudiwa mara nyingi bila kukosea wakati.

Sasa tuchukue mashine moja na tuishike mpaka mwisho. Iwe na protoni, na uga wa sumaku wa tesla 1.5. Protoni huzunguka mara milioni 15.25 kwa sekunde kwa kila tesla moja, kwa hiyo frikwensi yetu ni megahezi 22.9 na mzunguko mmoja unachukua nanosekunde 43.7. Volteji ya mwanyani kileleni iwe volti 50,000. Protoni inavuka mwanya mara mbili kwa mzunguko, kwa hiyo kwa kila mzunguko inapata elektronivolti 100,000. Tukitaka ifike elektronivolti milioni 10, yaani 10 MeV, inahitaji mizunguko 100, na safari nzima inaisha kwa mikrosekunde nne na kidogo.

Nusu kipenyo chake huongezeka kwa mzizi wa pili wa nishati. Ikiwa na 1 MeV tu imeshafika sentimita 9.6 kutoka katikati, na ikiwa na 10 MeV iko kwenye sentimita 30.5. MeV ya kwanza ilimeza karibu sentimita 10, ya mwisho inapata sentimita moja na nusu. Kule ukingoni mzunguko mmoja na unaoufuata vimetengana kwa milimita 1.5 tu. Liwekeni akilini jambo hilo la milimita, maana tutalirudia tukifika Uswisi.

Mpaka hapa nimetumia hesabu ya Newton. Nadharia ya uhusianifu ya Einstein inabadilisha sehemu moja ya maelezo yangu ya awali: chembe yenye kasi maradufu si ngumu kupinda maradufu tu, ni ngumu zaidi kidogo. Vitabu vingine husema tungamo lake limeongezeka. Mimi naona ni salama zaidi kusema kwamba ugumu wa kupindwa hufuata nishati yote ya chembe, pamoja na ile iliyofungwa katika tungamo lake ikiwa imetulia. Kwa protoni nishati hiyo ya kutulia ni 938 MeV. Basi muda wa mzunguko si T tena bali γT, ambapo

γ = 1 + E / (mc²)

na E ni nishati ya mwendo, mc² ikiwa ni ile ya kutulia. Kasi haikatiki yote; inabaki alama yake ndani ya γ. Protoni yetu yenye 10 MeV ina γ ya 1.0107. Inakwenda kwa asilimia 14.5 ya kasi ya mwanga, na mzunguko wake umerefuka kwa asilimia 1.07 tu. Kwa saa ya kawaida hiyo ni chini ya nusu ya nanosekunde.

Hapa ndipo watu hupotea. Wanasikia "uhusianifu unaweka mpaka" wakadhani chembe imekuwa nzito mno hata haisukumiki. Sivyo kabisa. Protoni ya 10 MeV inasukumika vizuri sana. Tatizo ni kwamba kuchelewa kunalimbikizwa. Oskileta ni kama mpiga ngoma asiyemsubiri mchezaji: ukichelewa nusu ya nanosekunde leo, mzunguko unaofuata unaanza ukiwa tayari umechelewa, kisha unaongeza ucheleweshaji mwingine juu yake. Kinachoua mwendo si γ ya mwisho, ni jumla ya vijichelewesho vya mizunguko yote.

Tupime uchelewaji huo kwa nyuzi za fezi, mzunguko mmoja wa oskileta ukihesabiwa kuwa nyuzi 360. Chembe inayovuka mwanya volteji ikiwa kileleni ina fezi sifuri na inapata msukumo kamili. Ikichelewa nyuzi 60, inapata nusu. Ikichelewa nyuzi 90, inavuka volteji ikiwa sifuri, haipati kitu. Ikipita hapo, volteji imeshageuka. Sasa mwanya unaivuta nyuma, chembe inapoteza nishati na njia yake inaanza kujikunja kurudi ndani.

Tukiweka frikwensi ilingane barabara na protoni iliyo katikati, kama ambavyo mtu yeyote angefanya bila kufikiri sana, mzunguko wa kwanza hauna kosa, na kila unaofuata una kosa kubwa kuliko uliotangulia. Ukijumlisha, sini ya fezi inakua kwa mraba wa nishati, na inafika 1, yaani nyuzi 90, pale ambapo

E² = mc² · ΔE / π

ΔE ikiwa ni nishati inayopatikana kwa mzunguko mmoja kileleni. Kwa ΔE ya 0.1 MeV jibu ni 5.5 MeV. Tulijenga sumaku ya sentimita 30 tukitarajia 10, na protoni zetu zimegeuka nyuma zikiwa na 5.5, mahali ambapo mzunguko umerefuka kwa asilimia 0.6 tu. Sumaku ni nzima, ombwe ni safi, oskileta haina kasoro.

Kuna ujanja, nao ni mzuri. Shusha frikwensi kidogo, ili ilingane na chembe iliyofika nusu ya safari badala ya ile ya katikati. Sasa protoni changa zina kasi kubwa ya kuzunguka kuliko oskileta. Zinaanza zikiwa zimechelewa, zinawahi polepole, zinapita kilele, zinawahi kupita kiasi, kisha baada ya nusu ya safari zinaanza kurudi nyuma tena. Fezi inatumia uwanja wake wote kwenda na kurudi, kutoka nyuzi 90 za kuchelewa hadi 90 za kuwahi na kurejea. Mpaka wa juu kabisa wa ujanja huu ni

E² = 8 · mc² · ΔE / π

ambao kwa mashine yetu unatoa 15.5 MeV. Huo ni mpaka wa karatasini, kwa sababu chembe inayoanza kwenye nyuzi 90 haipati msukumo wa kuanzia. Lakini 10 MeV sasa inawezekana bila kujibana sana.

Tazameni umbo la hesabu hiyo. Nishati iko katika mraba, volteji haiko. Ukitaka nishati maradufu, unahitaji volteji mara nne, hata kama sumaku yako ni kubwa kama uwanja wa mpira. Mwaka 1937 Hans Bethe na Morris Rose walichapisha hesabu ya namna hii wakahitimisha kwamba kujenga saiklotroni kubwa kuliko zilizokuwepo hakuna faida. Lawrence hakukubali. Hesabu ilikuwa sahihi, ila ilitegemea volteji uliyokadiria, na yeye aliona njia ya kuipandisha. Mashine yake ya inchi 60 ilitoa deuteroni, yaani viini vya haidrojeni nzito, za 16 MeV mwaka 1939. Kisha akapanga ya inchi 184 kwa deuteroni za 100 MeV. Ingizeni wenyewe: deuteroni ina nishati ya kutulia ya 1,876 MeV, hesabu inadai 2.1 MeV kwa kila mzunguko, yaani zaidi ya volti milioni moja mwanyani kila inapovuka. Alikusudia kweli kuweka volteji ya kiwango hicho ndani ya chumba cha ombwe, pembeni ya shaba inayotema cheche. Kwa maoni yangu vita ya pili ya dunia, iliyosimamisha mradi ule, ilimwokoa na maumivu makubwa ya kichwa.

Mtauliza, kama mzunguko unarefuka kwa sababu ya γ, kwa nini tusiiongeze B kwa kiasi kilekile kuelekea ukingoni? T ingebaki ileile. Swali ni zuri, na kwa muda mrefu jibu lilikuwa "hairuhusiwi".

Protoni haikai kwenye uso bapa wa katikati kwa hiari yake. Katika mizunguko 100 inasafiri zaidi ya mita 100, na nafasi baina ya sakafu na dari ya dii ni sentimita chache. Inayoelea juu kidogo lazima irudishwe. Kinachoirudisha ni kwamba uga wa sumaku wa kawaida hupungua kuelekea nje, na ukipungua hivyo mistari yake hufura kwenda nje kama pipa. Juu ya uso wa katikati mistari hiyo imeinama, na mwinamo huo huisukuma chembe kushuka. Chini yake huisukuma kupanda. Geuza hali hiyo, ongeza uga kuelekea nje, na mistari inabonyea ndani. Mwinamo unageuka, na kila chembe iliyopotoka kidogo inasukumwa izidi kupotoka mpaka igonge shaba.

Kwa hiyo saa inataka uga uongezeke kwa asilimia moja, na uthabiti wa wima unataka ushuke kwa asilimia moja au mbili. Wajenzi wa zamani walichagua uthabiti, na ule upungufu wa B ukarefusha mzunguko zaidi, ukijumlishwa na wa γ. Ndiyo sababu saiklotroni za kale zilisimama mahali karibu na 20 MeV kwa protoni.

Kabla sijaendelea, niseme neno kwa wanaoendesha mashine hizi, kwa sababu kanuni ileile inawasumbua kila asubuhi. Katika mashine yetu ya mizunguko 100, kosa la asilimia 0.1 katika B linaleta nyuzi 36 za fezi. Kosa la asilimia 0.25 linamaliza nyuzi 90 zote. Chuma cha sumaku kinapopata joto baada ya kuwashwa, uga unahama kwa viwango vya namna hiyo bila mtu kugusa kitu. Dalili yake haifanani na ya ombwe bovu. Ukiingiza kipima mkondo na kukisogeza kutoka ndani kwenda nje, ombwe bovu linaonyesha mkondo unaopungua polepole njia nzima, kwa kuwa ioni zinagongana na gesi kila mahali. Fezi ikipotea, mkondo unakuwa mzima mpaka nusu kipenyo fulani, kisha unakatika ghafla. Na mkondo unaopungua kwa hatua mahali pamoja, ukiwa na kivuli juu au chini ya kipimaji, ni tatizo la wima.

Kuna kipimo rahisi cha kuhakikisha. Badilisha mkondo wa koili kidogo kidogo kwenda juu, andika ni wapi boriti, yaani mkondo wa chembe, inakatika. Rudi kwenye thamani ya kawaida, kisha nenda chini. Kama fezi iko katikati, unapata nafasi sawa pande zote mbili. Kama boriti inakufa upesi upande mmoja na inavumilia sana upande wa pili, umekuwa ukiendesha karibu na ukingo. Usipandishe volteji kwanza. Rekebisha uga, kwa sababu volteji zaidi itaficha tatizo mpaka siku utakapohitaji akiba hiyo.

Milango ya kutokea ilikuwa miwili. Wa kwanza ni kuacha frikwensi ishuke pamoja na chembe. Vladimir Veksler mwaka 1944 na Edwin McMillan mwaka 1945, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba kundi la chembe linaweza kufuata frikwensi inayoshuka bila kutawanyika. Mashine ya inchi 184 ikafanyiwa mabadiliko hayo, na Novemba 1946 ikatoa deuteroni za 190 MeV kwa volteji ndogo sana kuliko ile ya mpango wa kwanza. Gharama yake ni kwamba frikwensi ikishakuwa inafuata kundi moja, makundi mengine hayawezi kuanza. Boriti inatoka kwa mapigo, na wastani wa mkondo unaanguka vibaya.

Mlango wa pili ulikuwa umeshafunguliwa tangu 1938 na Llewellyn Thomas, na karibu hakuna aliyeingia. Thomas alisema: ongezeni B kuelekea nje kama γ inavyotaka, lakini msiifanye iwe sawa kuzunguka duara. Gaweni uso wa sumaku kuwa vilima na mabonde, ambapo kwenye kilima nyuso zimekaribiana na uga ni mkali, na kwenye bonde zimeachana. Protoni sasa haichori duara. Inapinda kwa nguvu kilimani na kunyooka bondeni. Kwa hiyo inavuka ukingo wa kila kilima kimshazari, na uga uliojikunja pale ukingoni, ukikutana na mwendo huo wa mshazari, huirudisha kwenye uso wa katikati. Uthabiti wa wima unatoka kwenye kingo, na wastani wa uga uko huru kupanda. Saiklotroni nyingi za hospitali za leo zimejengwa hivi, ikiwamo aina inayotumika Nairobi katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan kutengeneza florini-18, atomu yenye mionzi ya dawa za picha ambayo nusu yake hutoweka kila dakika 110 na kwa hiyo haiwezi kungoja ndege kutoka mbali.

Je, kwa mlango huu mpaka umeondoka? Umesogea. Twendeni Villigen, Uswisi, kwenye saiklotroni ya Taasisi ya Paul Scherrer. Ina sumaku nane zilizotengana, inapokea protoni zenye 72 MeV na kuzitoa zikiwa na 590. Huko γ inatoka 1.08 kufika 1.63, na wastani wa uga unapaswa kupanda kwa zaidi ya nusu. Chembe zote, za ndani na za nje, zinazunguka mara milioni 8.4 kwa sekunde. Lakini chembe isiyoweza kupita kasi ya mwanga, ikizunguka kwa idadi hiyo, haiwezi kamwe kuwa na nusu kipenyo zaidi ya mita 5.7 hivi. Protoni za 590 MeV ziko kwenye mita 4.5. Kila MeV mpya inanunua nafasi ndogo kuliko iliyotangulia.

Na hapa ile habari ya milimita inakuwa ya fedha. Mashine hiyo inaongeza karibu 3 MeV kwa kila mzunguko, na msukumo huo peke yake unautenga mzunguko wa mwisho na uliotangulia kwa milimita 5 hivi. Katikati ya mizunguko hiyo miwili ndipo inapopitishwa bamba nyembamba ya kutolea boriti, inayopaswa kuchukua mzunguko wa mwisho na kuuacha uliotangulia. Boriti ina nguvu ya takribani megawati 1.3, asilimia moja tu ikigonga chuma ni kilowati 13 za protoni, na chuma kinakuwa na mionzi kiasi cha mtu kushindwa kukikaribia kwa ukarabati. Tukichukua hesabu ileile mpaka 1,000 MeV bila kuongeza msukumo wa kila mzunguko, utengano unashuka hadi milimita 2, na papo hapo vilima vinatakiwa kuirudisha chembe kwa nguvu zaidi, kwa kuwa uga unapanda kwa mwinuko mkali zaidi. Wanaotaka nishati kubwa kuliko hiyo huacha sumaku ya bapa kabisa, wakajenga pete moja ya nusu kipenyo kisichobadilika ambamo uga na frikwensi hupanda pamoja na chembe, na wanakubali boriti ya mapigo kama bei yake.